Tafsiri ya mtihani: maana ipo, toni imepotea

Mwanagenzi: Wakuu, naomba ushauri. Nafanyia mazoezi vifungu vya mitihani ya zamani, Kiingereza kwenda Kiswahili. Cha juzi kilikuwa barua ya kumkataa mwombaji kazi. Asili inaanza kwa kusikitika, inamaliza kwa kumkaribisha aombe tena. Mimi: "Hatukukuchagua. Ukitaka, omba tena nafasi zikitokea." Msahihishaji kaandika "toni". Nirekebishe wapi?

Kalamu7: Fanya tafsiri rejeshi. Irudishe kwenye Kiingereza, linganisha na asili. Zikifanana umemaliza.

BiSarufi: Kalamu, hiyo ni nusu ya dawa. Rejeshi hunasa kanusho lililodondoka au wakati uliobadilika. Toni haiinasi vizuri, maana ukiirudisha mwenyewe bado unaikumbuka asili, na upole unaurudisha bila kujua. Ilaze siku mbili tatu, au mpe mwenzako ambaye hajaiona asili.

Mwanagenzi, "ukitaka" ndiyo iliyokuponza. Hapo inasikika kama "shauri yako". Jaribu: "Tunasikitika kukuarifu kwamba hatukuweza kukupa nafasi uliyoomba. Tutafurahi kupokea ombi lako nafasi nyingine zitakapotangazwa."

Ila angalia mwisho. "Zitakapotangazwa" inaahidi kwamba zitatangazwa. "Zikitangazwa" haiahidi. Kama asili ina sharti, baki na -ki-, la sivyo umeokoa toni ukaharibu maana. Ndiyo maana mimi hukagua mara mbili, kila mara kwa jambo moja. Kwanza sentensi kwa sentensi, penseli kwenye makanusho, masharti na maneno ya shaka kama "huenda". Kisha funika asili, soma Kiswahili peke yake kwa sauti, ujiulize aliyeandikiwa angejisikiaje.

Mpitanjia: Na mashairi je? Vina navyo vihesabiwe?

BiSarufi: Hapa ni barua, ndugu. Ushairi fungulia uzi wake.

Tumbuu: Mimi huangushwa na "-ake". "Daktari alimwambia mgonjwa kuwa gari lake limeibiwa." La nani? Kiingereza kilikuwa na mwanamume na mwanamke, kwa hiyo kilijieleza chenyewe.

BiSarufi: Rudia nomino: "gari la mgonjwa limeibiwa". Usiogope kurudia, kuliko kumwachia msahihishaji akisie.

Kalamu7: Sawa, nimekubali kuhusu rejeshi. Lakini kwenye ile barua mimi ningeongeza "Ndugu mwombaji" juu. Bila hiyo Kiswahili kinakuwa kikavu.

BiSarufi: Kama asili ina salamu, itafsiri. Kama haina, umeongeza.

Kalamu7: Kuongeza neno si kuongeza maana. Upole wa Kiswahili unakaa kwenye salamu.

Tumbuu: Hapo wasahihishaji wenyewe hawakubaliani. Soma maelekezo ya swali. Likisema "tafsiri kifungu" tu, mimi nisingeongeza.

Mwanagenzi: Nimerudi kwenye asili: ina sharti. Basi ni "zikitangazwa". Salamu haina, naiacha hivyohivyo kwanza.