Jaribio la tiba ya mazungumzo Pemba: data tuahidi nini, na mikengeuko ya itifaki tuiripoti vipi?

BintiMicheweni aliandika:

Assalaam alaykum. Niko kwenye timu ndogo inayotaka kujaribu tiba ya mazungumzo kwa watu wazima wenye sonona huku Pemba. Ni vikao sita vya kutatua matatizo, kimoja kila wiki, vinaendeshwa na wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii waliofunzwa, na muuguzi wa afya ya akili anawasimamia. Watu 120 watapangwa kwa kura: 60 wapate vikao, 60 waendelee na huduma ya kawaida ya kituo. Anayeingia lazima awe na alama 10 au zaidi za PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona. Maombi ya kibali yako ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar, na hatujaandikisha mtu.

Nimekwama pahala pawili. Kwanza, msimamizi wetu aliye nje anataka tuandike kwenye usajili wa jaribio kwamba "data zote zitawekwa wazi mtandaoni". Rasimu ya fomu ya ridhaa inasema majibu ni siri, basi. Pili, najua itifaki, yaani mpango wa jaribio ulioandikwa, haitafuatwa neno kwa neno. Msimu wa karafuu ukifungua, nusu ya watu wako makambini. Mume ataingia kikaoni akakaa. Haya nayaandika wapi, na aliyekosa vikao namtoa kwenye hesabu?

MzeeWaBara:

Dada, usijitie presha. Sajili PACTR, rejista ya majaribio ya tiba ya Afrika, ni bure, upate namba, uanze kazi. Habari ya data utaiandika na makala mwishoni, wahariri ndio wanaoiuliza. Mikengeuko kila jaribio inayo, iweke kwenye faili lako. Na kibali chukua NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba.

HesabuZaChake:

Mzee wangu, PACTR ni sawa, na kusajili kabla ya mtu wa kwanza kuandikishwa ni lazima. Majarida yanayofuata ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, yanadai hivyo tangu 2005, na rejista inaonesha tarehe zote mbili, ya usajili na ya mshiriki wa kwanza, kwa hiyo aliyechelewa anajulikana. Lakini mpango wa data si wa mwishoni. Jaribio lililoanza kuandikisha watu kuanzia Januari 1, 2019 linatakiwa liwe na mpango huo ndani ya usajili wenyewe. Mkiandika "hatutashirikisha", si kosa. Mkiandika moja mkafanya jengine, itabidi mueleze. Na kwa Zanzibar kibali ni cha ZAHRI, NIMR ni ya huko kwenu.

BintiMicheweni, kabla ya data angalia matokeo makuu yenu. "Kupungua kwa sonona" hakutoshi. Andika: wastani wa alama za PHQ-9 wiki ya 12 tangu siku ya kura, kundi la vikao likilinganishwa na la huduma ya kawaida. Ukiacha wazi wiki au kipimo, mwisho wa kazi mtu anaweza kuchagua wiki iliyopendeza, na hakuna atakayembaini.

MamaKengeja:

Samahani, mie nipo Kengeja, huo usajili ni kwa wanawake pia? Maana silali vizuri tangu mwaka jana. Ila naogopa. Kuna watu walikuja kutuuliza maswali ya huzuni, wakasema siri, kisha ripoti ikasomwa mkutanoni: "mama mmoja mjane, mshoni, ana watoto saba." Jina hawakutaja. Shehia nzima ikanitazama mie.

BintiMicheweni:

Pole sana mama yangu. Hapa tunazungumzia kuusajili utafiti, kuandikisha watu bado. Usitusubiri, nenda kituo cha afya kilicho karibu uwaambie hilo la usingizi.

HesabuZaChake:

Mama Kengeja amejibu swali la kwanza vizuri kuliko mimi. Watu wanadhani ukifuta jina umemaliza. Chukua mstari mmoja wa jedwali lenu: mwanamke, miaka 43, mwalimu wa skuli, shehia fulani, kikao cha kwanza tarehe fulani, swali la tisa la PHQ-9 amejibu "karibu kila siku". Swali la tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Walimu wanawake wa umri huo katika shehia moja ni wangapi? Huenda ni yeye tu.

Mimi ningefanya hivi. Shehia inatoka kabisa. Umri unakuwa wa makundi ya miaka kumi. Kazi inatoka, maana matokeo makuu hayaihitaji. Tarehe zinageuzwa kuwa siku tangu kura: siku ya 0, ya 9, ya 84. Kisha unalipanga jedwali kwa jinsi, kundi la umri na kundi la kura, unatafuta kila pahala penye watu chini ya watano. Ukipata wanaume wawili tu wa miaka 60 na kuendelea, unawaunganisha na kundi la chini yao.

Kuna kimoja kinasahaulika: namba ya mhudumu aliyeendesha vikao. Atakayerudia hesabu zenu anaihitaji, kwa sababu wagonjwa wa mhudumu mmoja hufanana matokeo, na asiyelizingatia hilo ataona uhakika mkubwa kuliko uliopo. Lakini kijijini kila mtu anajua nani alikwenda kwa nani. Kwa hiyo wapeni wahudumu namba mpya za kubahatisha, na faili lenye namba hizo lisiwe la wazi. Litolewe kwa maombi na mkataba wa matumizi. Rekodi za sauti za vikao hazishirikishwi kwa mtu yeyote. Zikishapimwa kama mhudumu alifuata mwongozo, zifutwe, na muda wa kufuta uandikwe kwenye ridhaa.

Nahodha_Wete:

Naunga mkono, na naongeza la ofisini. Msiandike "data zinapatikana kwa kuombwa" mkaweka barua pepe ya mtu. Mtu huyo atahama kazi. Andikeni taasisi itakayotunza, nani ataamua maombi, kwa vigezo gani, na kuanzia lini hadi lini. Na fomu ya ridhaa ibadilishwe sasa, kabla hamjaanza. "Majibu yako, yakiondolewa kila kitakachokutambulisha, yanaweza kupewa watafiti wengine" iwe na kisanduku chake cha ndiyo au hapana, mbali na ridhaa ya tiba. Mtu akatae kushirikisha data na bado apate vikao.

Msimamizi wenu wa nje hatapenda, lakini mwambieni data za wazi zinaweza kuwa wastani na majedwali, pamoja na msimbo wa kompyuta wa uchambuzi. Hayo si rahisi yamfichue mtu.

BintiMicheweni:

Ahsanteni. La kisanduku sikuwa nimelifikiria. Na mikengeuko?

Nahodha_Wete:

Hapo mimi nina dawa rahisi. Itifaki iandikeni pana. "Vikao vinne hadi nane, ana kwa ana au kwa simu, kwa muda unaofaa." Basi hakuna mkengeuko hata mmoja, na kamati haitawasumbua.

HesabuZaChake:

Nusu umesema kweli, Nahodha. Linalojulikana kabla liingie kwenye itifaki. Karafuu inajulikana, Ramadhani inajulikana. Andika kwamba aliye kambini anaweza kufanya hadi vikao viwili kwa simu, na kwamba vikao sita vinaweza kuenea hadi wiki tisa. Akifanya hivyo hajakengeuka, amefuata. Lakini ukipanua kila kitu, msomaji atakijuaje mlichokijaribu? Tiba ya vikao vinne kwa simu na ya vinane nyumbani kwa mtu si tiba moja.

Kisha tenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvitia kapu moja. Mkibadilisha itifaki kwa makusudi, mfano kuongeza kituo cha Konde, hilo ni badiliko: linapata kibali kwanza, rejista inasahihishwa, na makala inataja tarehe na sababu. Mshiriki asipokuja vikaoni hajakiuka chochote, ana haki hiyo, na mnaripoti tu idadi ya vikao alivyohudhuria. Mkengeuko ni pale timu inapofanya kinyume na ilivyoandikwa.

Nipigie mfano. Kipimo cha wiki ya 12 ni siku ya 84, na mmeruhusu siku 14 kila upande, yaani 70 hadi 98. Mtu amerudi kambini, amepimwa siku ya 110. Amepitiliza siku 12. Alama yake msiitupe. Inabaki kwenye hesabu kuu, mnaandika mkengeuko, na mnarudia hesabu bila waliopimwa nje ya muda kuona kama jibu linabadilika. Hesabu hiyo ya pili itajwe kwenye mpango wa uchambuzi mapema. Mpango mzima uwekeni OSF, tovuti ya kuhifadhi mipango ya utafiti, ukiwa na muhuri wa tarehe.

Mwengine aliingia na alama 9 kwa makosa ya kujumlisha. Kishapigiwa kura, anabaki kundi lake. Ukianza kutoa watu baada ya kura, makundi hayafanani tena, na kufanana kwao ndiyo faida yote ya kura.

Ndiyo maana aliyekosa vikao hatolewi. Ukibakisha waliomaliza vikao vinne au zaidi ukawalinganisha na kundi zima la huduma ya kawaida, unalinganisha wenye nguvu ya kutembea hadi kituoni na watu wa kila hali. Tiba inaweza kuonekana nzuri hata kama haifanyi kitu.

MzeeWaBara:

Sawa, nimekubali. Na huyo mume aliyekaa kikaoni?

HesabuZaChake:

Mkengeuko wa utoaji wa tiba. Mhudumu anajaza siku hiyohiyo: tarehe, namba ya mshiriki, kilichotokea, kilichofanywa. Kila mwezi mtu asiyejua kundi la mshiriki anapanga kama ni mkubwa au mdogo, kwa vigezo vilivyoandikwa kabla. Makala iwe na jedwali la mikengeuko kwa kila kundi peke yake. Ukiweka jumla tu, 14, msomaji hajui kama 12 zilikuwa upande mmoja.

Mmoja tu hausubiri jedwali. Mtu amejibu swali la tisa zaidi ya sifuri na mpimaji hakumpigia muuguzi siku ileile. Huo unakwenda kwa kamati ya maadili mara moja, na mshiriki anafuatwa kabla ya karatasi yoyote.

BintiMicheweni:

Nimenukuu yote. Tumekubaliana: ridhaa mbili, data za watu kwa maombi kupitia taasisi, majedwali na msimbo wa uchambuzi wazi, simu mwisho vikao viwili. La mume bado tunabishana. Muuguzi wetu anasema wanawake wengine hawatakuja kabisa mume akizuiwa, kwa hiyo aruhusiwe kwenye itifaki, kikao cha kwanza tu.

MamaKengeja:

Akikaa cha kwanza, cha pili nitasema nini? Ameshajua nakwenda kufanya nini. Mie nisingesema kitu.

HesabuZaChake:

Na akizuiwa, wangapi hawatafika? Muulizeni muuguzi kama anaweza kuzungumza na waume pembeni, kabla ya kikao, wakati mke yuko ndani. Mkikubali hivyo, iandikwe kama sehemu ya tiba, na wahudumu wafunzwe kuifanya kwa namna moja.