Tupeane uzoefu: matangazo yetu ya Idi yanasikikaje kwa wenye kusomewa na simu?

Katibu wa Mtaa, Unguja
Assalaam alaykum. Idi inakaribia na mimi ndiye ninayeandika tangazo la mtaa. Shemeji yangu haoni, simu humsomea kila kitu. Nataka matangazo yetu ayafuate kama sote, kwa hivyo naomba wenye uzoefu waeleze yaliyowafika. Mfano ni huu, umezunguka kwenye magrupu Idi iliyopita:

🌙✨🌙✨🌙✨
𝓘𝓭𝓭 𝓜𝓾𝓫𝓪𝓻𝓪𝓴
━━━━━━━━
🕌 1:30 asubuhi 📍 uwanja wa mpira
🍽️ baada ya hapo
🎈🎈🎈 alasiri

Bint Wete
Waalaykum salaam. Mimi sioni, natumia TalkBack, programu ya simu za Android inayosoma skrini, kwa sauti ya Kiswahili. Kila emoji ina jina, na simu hulitamka jina zima. Huo mstari wa kwanza nausikia mwezi, vimetameta, mwezi, vimetameta, mpaka uishe, na salamu yenyewe bado haijafika.

Ikifika nayo, simu yangu hunyamaza. Herufi hizo za mapambo machoni ni "Idd Mubarak", lakini ndani ya simu ni alama za hesabu, si herufi za kawaida. Simu nyengine huzitaja moja moja kwa Kiingereza. Kwa hivyo sijui tangazo ni la Idi au la msiba.

Halafu "baada ya hapo" kuna nini? Sahani imeachiwa kazi ya neno "chakula". Mimi nasikia jina la sahani, uma na kisu, tena nikisie. Na maputo matatu yana nini alasiri?

Mimi ningeliandika hivi:

Idi Mubarak kwa wakaazi wote. 🌙

Sala: saa 1:30 asubuhi, uwanja wa mpira.

Chakula: baada ya sala, hapo hapo uwanjani.

Michezo ya watoto: baada ya sala ya alasiri.

Neno la jambo linatangulia, nukta inafunga. Ujumbe wa WhatsApp husomwa wote kwa mkupuo, na nikipitwa na saa ya sala nachagua kusoma kwa aya, narudi kwenye aya ile tu. Mambo yote yakiwa kwenye aya moja, sina pa kurudia ila mwanzo.

Mkaazi wa Mkoani
Basi emoji ziondosheni zote. Na mukiacha mistari mitupu mingi, simu inapata kupumua.

Bint Wete
La, ndugu yangu, usinivue mapambo. Na mimi naisherehekea Idi! Mwezi mmoja mwishoni mwa sentensi nausikia na nafurahi. Kinachochosha ni kurudiwa, na kuwekwa katikati ya sentensi. Mstari mtupu mmoja unatosha. Pumziko naletewa zaidi na nukta. Wanaosomewa na programu ya NVDA kwenye kompyuta, wakishuka mstari kwa mstari, hutangaziwa kila mstari mtupu.

Kijana wa Jang'ombe
Mimi naona viboksi vitupu badala ya emoji. Ndiyo hii?

Katibu wa Mtaa, Unguja
Hiyo ni nyengine, mwanangu. Simu yako haijapata picha za emoji mpya, jaribu kuisasisha.

Muuza Halua, Chake Chake
Kwangu tatizo lilikuwa picha. Bei zote nilikuwa naziweka kwenye bango, mteja wangu asiyeona akanipigia kuuliza nauza nini. Simu ilimwambia tu kuna picha. Sasa bango nalituma bado, lakini chini yake naandika: halua ya lozi, bei kwa kilo, mwisho wa kuagiza. Wateja wanaoona nao wamelipenda, maana kunakili bei kwenye picha ni taabu.

Mwalimu wa Chuoni
Salamu kwa hati ya Kiarabu je? Mimi hutanguliza hiyo, ndiyo ada.

Bint Wete
Hapo, mwalimu, sina jibu moja. Simu isiyo na sauti ya Kiarabu huenda ikaipita kimya. Rafiki yangu ana sauti hiyo na anaisikia vizuri. Mimi ningeiacha juu, kwenye mstari wake peke yake, na chini yake Idi Mubarak kwa herufi za kawaida.

Mwalimu wa Chuoni
Lakini hapo salamu imerudiwa mara mbili, na wewe umesema kurudiwa kunachosha.

Bint Wete
Kweli umesema. Salamu mara mbili naivumilia. Wenye iPhone watwambie yao, wengine huenda wakaona vyengine.

Katibu wa Mtaa, Unguja
Nitaandika la mtaa kwa mpango wa Bint Wete. Kabla ya kulituma nitawasha TalkBack, kwenye mipangilio, upande wa ufikivu, nilisikilize bila kutazama. Anayetaka kujaribu ajue mguso mmoja unachagua tu. Kufungua ni kugusa mara mbili kwa haraka, na kuizima TalkBack ni kurudi pale pale kwenye mipangilio, kwa mguso huo huo.