Thymus vulgaris chupa mbili, jina moja, moja imeniunguza mgongo. Nisaidieni

Tuli_wa_Mafuta:
Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa. Nina mchanganyiko wangu wa kujipaka mgongoni na mabegani nikichoka, nimeutumia karibu mwaka mzima bila tatizo lolote, mafuta ya almondi mililita 30 na matone 12 ya esensho oili ya thaimu basi. Chupa ikaisha nikanunua nyingine kwa muuzaji tofauti, nikahakikisha kabisa jina la kisayansi ni lilelile Thymus vulgaris, maana kila mahali tunaambiwa usiangalie jina la mtaani angalia la kisayansi. Nikachanganya vilevile, matone 12. Dakika kama tano hivi mgongo ukaanza kuwaka moto, nikaoga kwa maji ndo ikazidi, ngozi ikawa nyekundu mpaka kesho yake. Je nimeuziwa feki? Au nimeanza kuwa na aleji?

Kipepeo77:
Pole sana dada. Hiyo ni feki hiyo, wameongezea kemikali. Esensho oili ya kweli haiunguzi kwa sababu ni ya asili.

MzeeWaMajani:
Kipepeo hapana, thaimu halisi kabisa isiyoongezewa kitu inaunguza vizuri tu, na mara nyingi ile inayounguza ndo ya kawaida zaidi sokoni. Tuli, kabla sijasema lolote, ile chupa ya zamani unayo bado? Soma lebo yote, hasa maandishi madogo baada ya jina la mmea. Halafu nusa zote mbili uniambie.

Nuru_nywele:
Samahani naingilia, mimi ya kwangu ni rozmari ya nywele, ya kwanza ilikuwa na harufu laini ya majani, hii ya sasa inanuka kama vidonge vya kuwekea nguo kabatini. Ya kwanza iliandikwa Rosmarinus officinalis na hii Salvia rosmarinus. Kwa hiyo nimepewa mmea mwingine eti?

Tuli_wa_Mafuta:
Mzee nimeikuta chupa kwenye droo. Jamani. Imeandikwa Thymus vulgaris halafu chini yake kwa herufi ndogo "CT linalool". Hiyo mpya haina CT yoyote. Harufu ya zamani ni tamu kidogo kama maua ya lavenda, mpya inanuka kama dawa ya kusukutulia kinywa, kali mpaka puani.

MzeeWaMajani:
Basi jibu umelipata mwenyewe. CT ni kemotaipu. Mmea ni uleule, ukiweka miche miwili pembeni hata mtaalamu wa mimea atakwambia ni thaimu tu, ila mmoja kwenye majani yake unatengeneza linaloli kwa wingi na mwingine unatengeneza thimoli. Linaloli ni ileile iliyojaa kwenye lavenda, ngozi nyingi zinaivumilia. Thimoli ni fenoli, inaua vijidudu kwelikweli lakini ngozi nayo inaipata. Jina la kisayansi linakwambia mmea gani, halikwambii ndani ya chupa kuna nini.

Muombe muuzaji ripoti ya GC-MS, kile kipimo cha maabara kinachoonyesha kilichomo kwa asilimia, ya bechi hiyohiyo uliyonunua, namba iko kwenye chupa. Asikupe ile ya mfano wanayoweka kwa kila kitu.

Na siku nyingine ikiwaka usikimbilie maji. Futa kwanza kwa mafuta ya kawaida ya kula au hayo ya almondi, ndo uje na sabuni. Esensho oili haichanganyiki na maji, hayaiondoi.

KijanaWaMaabara:
Mzee yuko sawa ila niongezee, hiyo inatokana na hali ya hewa. Thaimu ikipandwa sehemu ya baridi inakuwa laini, ya joto inakuwa kali. Kwa hiyo ukijua imetoka nchi gani umemaliza.

MzeeWaMajani:
Kijana hapo umeshika mkia. Kwenye thaimu aina inatoka kwenye jeni, mche hauhami kutoka linaloli kwenda thimoli kwa sababu umeuhamisha. Kusini mwa Ufaransa kuna bonde la Saint-Martin-de-Londres, hapo thaimu ya mwituni ina aina sita, na ukitembea kilomita chache tu unatoka kwenye zile laini unaingia kwenye kali. Kinachofanya baridi ni kuchagua: zile za thimoli na za karvakroli, ambayo nayo ni fenoli, baridi kali ya ghafla inaziua, kwa hiyo chini bondeni ambako baridi inatuama zikabaki zaidi zisizo na fenoli. Na majira ya baridi yalivyopungua makali, zile kali zimeonekana kuanza kuingia huko bondeni. Sasa jina la nchi litakusaidia nini hapo? Ndo maana pia mkulima anayetaka aina moja anapanda vipandikizi, mbegu zinaleta mchanganyiko.

KijanaWaMaabara:
Sawa nimekubali kwa thaimu. Ila kiwango ndani ya aina hiyohiyo kinabadilika kwa msimu na siku ya kuvuna, hilo hulikatai.

MzeeWaMajani:
Silikatai, ndo maana nikasema ripoti ya bechi.

Tuli_wa_Mafuta:
Muuzaji kanitumia, kumbe alikuwa nayo. Thimoli asilimia 47, parasimeni 20, linaloli 4, vingine vidogovidogo.

MzeeWaMajani:
Safi, na haionekani kama feki. Piga hesabu sasa. Matone 20 ni kama mililita moja, matone yanatofautiana ila tukadirie, kwa hiyo 12 ni 0.6 kwenye 30, yaani asilimia 2. Nusu ya hiyo ni thimoli, kwa hiyo mgongoni ulipaka thimoli karibu asilimia 1. Chupa ya zamani, tuseme ina thimoli asilimia 3 tu ya mafuta, ulikuwa unapaka 0.06. Umejiongezea mara kumi na tano hivi bila kubadilisha hata tone. Aina ya thimoli wengi tunaishia asilimia 1 ya mafuta yenyewe, yaani matone 6 kwenye 30, na sehemu ndogo, sio mgongo mzima.

Nuru_nywele:
Na mimi jamani 😅

MzeeWaMajani:
Nuru nisamehe. Majina yako mawili ni mmea mmoja, wataalamu wameihamishia rozmari kwenye ukoo wa Salvia, wauzaji wengine hawajabadilisha lebo. Tofauti yako ni kafuri. Rozmari kuna ya kafuri, ya sineoli na ya vabenoni. Kama nyumbani kuna mwenye kifafa hiyo ya kafuri iweke mbali, na mtoto mdogo usimpake usoni hata hiyo ya sineoli.

Kipepeo77:
Kwa hiyo pua inatosha? Ikinuka dawa ya kinywa ni kali, ikinuka maua ni laini?

MzeeWaMajani:
Inatosha kukustua, haitoshi kukupa asilimia. Rangi ndo usiiamini kabisa, esensho oili ya thaimu ile nyekundu ikikenekwa tena inatoka nyeupe na thimoli bado imo.

Tuli_wa_Mafuta:
Asanteni. Ngozi imetulia, nangoja wiki mbili nijaribu tone lililozimuliwa ndani ya kiwiko. Hii ya thimoli nifanyie nini sasa, kuna anayeitumia kusafishia sakafu?

KijanaWaMaabara:
Mimi natumia, ila vaa glavu na fungua madirisha. Na kama una paka usijaribu.