Naomba ushauri: pete ya kundi Q[C₄] inagawanyika vipande vitatu au vinne?

Mwanasemina: Wakuu, habari za leo. Naandaa mada ya semina ya aljebra na kuna mahali nimekwama. Kundi langu ni C₄, kizalishi chake ni g, na g⁴ = 1. Nikitumia namba changamano napata vipande vinne, kila kimoja ni C. Kwa namba wiani mwalimu anasema ni vitatu tu: Q × Q × Q(i). Viwili vya kwanza nimeviona:

e₁ = (1 + g + g² + g³)/4
e₂ = (1 − g + g² − g³)/4

Kila kimoja ukikizidisha kwa chenyewe kinabaki kilekile, na e₁e₂ = 0. Ila fomula ya karakta inanipa pia (1 − ig − g² + ig³)/4, na i haimo kwenye Q. Je, nikitupe? Nikikitupa, kipimo cha 4 kitatimiaje?

Kokotoa: Mkuu, achana na karakta. Q[C₄] ni Q[x] ambayo x⁴ − 1 imefanywa kuwa sifuri. Polinomiali hiyo inavunjika kuwa (x − 1)(x + 1)(x² + 1), na x² + 1 haivunjiki tena ndani ya Q. Kwa kanuni ya masalio ya Kichina kila kigawo kinakupa uwanja wake. Hata ukiweka Z badala ya Q mgawanyo ni huohuo, Z × Z × Z[i].

Mama Aljebra: Kokotoa, hapo kwenye Z hapana. Kanuni hiyo inataka vigawo visiwe na chochote cha pamoja, na (x + 1) − (x − 1) = 2. Ndani ya Q unagawanya kwa 2 bila shida, ndani ya Z huwezi. Hata e₁ yenyewe ina 4 chini, kwa hiyo haimo kwenye Z[C₄].

Mwanasemina, usikitupe. Kina mwenzake, (1 + ig − g² − ig³)/4. Vijumlishe na i inajifuta:

f = (1 − g²)/2

Sasa angalia gf = (g − g³)/2. Ukiipandisha kipeo cha pili unapata g²f, yaani (g² − 1)/2, ambayo ni −f. Ndani ya kipande hiki f inashika nafasi ya 1, na gf inashika nafasi ya i. Kipande kizima ni af + b·gf, ndiyo a + bi. Kipimo chake ni 2, kwa hiyo 1 + 1 + 2 = 4 na hakuna kilichopotea.

Ili uamini, tafuta kinyume cha 2 + g. Kwenye vipande vitatu kinasomeka 3, 1 na 2 + i. Vinyume vyake ni 1/3, 1 na (2 − i)/5. Rudisha: e₁/3 + e₂ + (2f − gf)/5, na ukipanga unapata (8 − 4g + 2g² − g³)/15. Zidisha kwa 2 + g uone.

Mwanasemina: Nimezidisha, imebaki 1. Asante sana mama. Na C₂ × C₂ je, si ina elementi nne vilevile?

Mama Aljebra: Hiyo inatoa Q mara nne, maana karakta zake zote ni 1 na −1. Kwa hiyo Q inayatofautisha makundi haya mawili, wakati C inayaona sawa. Kwa makundi ya Abeli yenye kikomo, Q hutofautisha daima; Perlis na Walker walithibitisha mwaka 1950.

Msimbo: Mimi nafanya misimbo ya kurekebisha makosa, nakokotoa kwenye F₂. e₁ inanigomea kabisa.

Mama Aljebra: Lazima igome, kaka, kwa sababu kwenye F₂ namba 4 ni sifuri. Huko x⁴ − 1 ni (x − 1)⁴, na pete haigawanyiki hata kidogo. Swali la mwenzetu ni la Q, lako linahitaji uzi wake.

Kokotoa: Turudi kwenye Z. Basi ni vitatu vipi (a, b, c + di) vinavyotoka kweli kwenye Z[C₄]?

Mama Aljebra: Andika vizidishi vya kipengele chako: cha 1 ni (a + b + 2c)/4, cha g ni (a − b + 2d)/4, na cha g² na g³ ni hivyohivyo ukibadili alama ya c na ya d. Viwili vya kwanza vikiwa namba kamili, vingine vinafuata. Ukihesabu, ni sehemu moja kati ya nane ya Z × Z × Z[i]. Ndiyo maana (1, 0, 0) haimo.

Kokotoa: Nimeelewa. Kwa C₈ nimeanza, kipande cha x⁴ + 1 kinaongezeka na masharti yanakuwa mengi. Kuna mtu ameyaandika yote kwa mkono?