Tupeane uzoefu: "Eleza" iliyowahi kukunyima maksi

Mama wa Mafinga
Kamwene wapendwa. Juzi mwanangu wa kidato cha pili karudi na karatasi ya Historia, uso umemshuka. Swali lilikuwa hivi: "Eleza sababu mbili zilizowawezesha Wahehe kuwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891 (alama 4)." Kajaza ukurasa mzima na robo. Nimeusoma, ni hadithi tamu kweli: Zelewski, kamanda wa Wajerumani, anakuja na msafara wake, Wahehe wamejificha, asubuhi vita inalipuka, Zelewski anauawa. Kapata 1. Pembeni mwalimu kaandika kwa wino mwekundu "Sababu?" basi. Mtoto ananiambia, "Mama, si nimeeleza?" Nikakosa jibu, maana kweli kaeleza. Waliowahi kupigwa na neno hili hebu semeni.

Kijana wa Tukuyu
Pole mama. Mbona rahisi? Maksi 4 ni hoja 4, maksi 15 ni hoja 15. Mimi fomu foo nilitoboa hivyohivyo.

Mwalimu Mstaafu, Mwanjelwa
Kijana, umepatia nusu. Maksi zinakupa kipimo cha jibu, ila hazihesabu hoja. Hapo swali limeshasema sababu mbili, kwa hiyo kila sababu ina maksi 2. Ukiandika nne, msahihishaji atasoma mbili za kwanza na nyingine umejichosha bure. Zile maksi 2 zinagawanyika hivi: moja ya kutaja sababu, nyingine ya kuonyesha sababu hiyo ilivyoleta ushindi.

Mama, mchukue kijana aandike hivi:

"Wahehe walishambulia kwa kuvizia. Msafara wa Wajerumani ulikuwa unatembea kwa mstari mrefu, askari na wapagazi wakifuatana, hivyo walipovamiwa ghafla hawakupata nafasi ya kujipanga na kutumia ubora wa bunduki zao."

Sentensi mbili tu. Ya kwanza ina maksi yake, na ya pili inapata yake pale kwenye "hivyo". Akifanya vilevile kwa sababu ya pili, tuseme nidhamu ya jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililongoja limejificha mpaka lilipoamriwa, kamaliza. Mistari sita. Nadhani ile 1 aliyopata ni ya kuvizia, alikutaja katikati ya hadithi bila kujua kwamba ndiyo sababu yenyewe.

Sasa hilo neno. Kiswahili chetu kimeipa "eleza" mizigo miwili. Kuna eleza ya kuchora picha: "Eleza ngome ya Kalenga ilivyokuwa." Hapo nataka ukuta wake, mto Ruaha Mdogo ulio jirani, makazi ya mtawala ndani yake. Sihitaji "kwa sababu" hata moja. Na kuna eleza ya kutoa chanzo: "Eleza kwa nini Kalenga ilianguka." Hapo ukinichorea ukuta nitausifu na nitakupa sifuri. Kwa hiyo usiishie kwenye "eleza", soma neno linalofuata. Ukiona jinsi, hali, sifa, ilivyokuwa, chora. Ukiona sababu, kwa nini, kilichosababisha, funga kila hoja na matokeo yake.

Wanaosoma kwa Kiingereza wanaumia zaidi. Kule ni maneno mawili tofauti, lakini mtoto akitafsiri kichwani yote yanakuwa "eleza". Nimesahihisha miaka mingi, na kosa hili nimekutana nalo kuliko kutojua Historia yenyewe.

Baba Neema, Makambako
Darasani tuliyaita "diskraibu" na "eksplein", mwalimu wetu akituimbisha: la kwanza ni macho, la pili ni mdomo wa mtoto anayeuliza "kwa nini" kila dakika. Wimbo nilikuwa naujua, mtihani nikafeli hivyohivyo 😂

Mzazi wa Njombe
Samahani, wa kwangu aliandika Mkwawa alifia Kalenga akanyimwa maksi. Naweza kwenda shuleni kudai?

Mwalimu Mstaafu, Mwanjelwa
Ndugu yangu, hilo silo tunalojadili, na usiende. Kalenga ilitekwa mwaka 1894. Mkwawa alijiua mwaka 1898 kule Mlambalasi. Kilichoko Kalenga ni fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954, labda ndilo lililomchanganya mtoto.

Dada Uyole
Mimi niliumizwa na "tathmini", kidato cha sita, mtihani wa majaribio. "Silaha duni ndizo zilizomwangusha Mkwawa. Tathmini kauli hii (alama 15)." Nikashusha hoja sita, zote silaha: mikuki, uhaba wa bunduki, mizinga ya Wajerumani… Nikatoka nimejaa tabasamu. Nikapata 6. Mwishoni mwa insha kulikuwa na swali moja la msahihishaji: "Mbona Lugalo walishinda?"

Nililichukia lile swali wiki nzima, halafu nikalielewa. Mikuki ni ileile. Kama silaha duni zinatosha kueleza kushindwa, mwaka 1891 wangeshindwa pia. Kwa hiyo kauli ile ina ukweli Kalenga, kwa sababu pale Wahehe walikaa ndani ya ukuta na mizinga ikapata pa kulenga. Baada ya hapo Mkwawa alipigana vita vya msituni karibu miaka minne na silaha zilezile. Kilichommaliza huko ni njaa, kuchomewa vyakula, na machifu walio chini yake kumwacha mmoja mmoja. Ningeandika hoja tatu za kuunga mkono, mbili tatu za kupinga, kisha niseme wazi: silaha zinaeleza kuanguka kwa ngome, hazielezi kuanguka kwa mtu. Hukumu ile ndiyo iliyokosekana kwangu.

Kijana wa Tukuyu
Lakini dada, shule nyingi wanasahihisha insha ya 15 kwa utangulizi 1½, hoja 6 za maksi mbilimbili na hitimisho 1½. Hukumu yako inaingia wapi hapo?

Mwalimu Mstaafu, Mwanjelwa
Leo umenishika. Kwenye hitimisho, na ndiyo maana mimi sikubali hitimisho la kurudia hoja. Ila sikufichi, wapo wasahihishaji wanaohesabu sita wanafunga karatasi.

Dada Uyole
Basi wagawe hizo sita, nne upande mmoja na mbili upande mwingine. Hata wa kuhesabu atahesabu.

Baba Neema, Makambako
Na "linganisha" je? Binti yangu kalinganisha upinzani wa Wahehe na Maji Maji. Aya ndefu ya Wahehe, aya ndefu ya Maji Maji, kwisha. Kapata 3 kati ya 9.

Mwalimu Mstaafu, Mwanjelwa
Hapo kazi ya kulinganisha kamwachia msahihishaji. Kila aya iwe ya kigezo kimoja na pande zote mbili ziwemo. Uongozi: Wahehe walikuwa chini ya mtawala mmoja, wakati Maji Maji ya 1905 hadi 1907 iliunganisha makabila mengi kwa imani ya maji. Kisha silaha, kisha mbinu.

Dada Uyole
Mwalimu, hizo si tofauti? Sisi tulifundishwa linganisha ni kufanana tu, tofauti zina "tofautisha" yake.

Mwalimu Mstaafu, Mwanjelwa
Wapo wanaofundisha hivyo. Mimi naweka vyote, nikianza na kufanana.

Mzazi wa Njombe
Mimi nilifundishwa kama dada.

Mama wa Mafinga
Ndaga fijo Mwalimu, nimeazima shukrani ya huko kwenu. Kijana kaandika upya hapa mezani, mistari saba. Nimemuuliza "hivyo" yako ya pili iko wapi, kachukua kalamu tena. Ila sasa ananiuliza "bainisha" ya maksi 9 ni eleza ipi kati ya hizo mbili. Nani anajua?