Bibi, nyanya, tungule: mliohama Bara kwenda Pwani (au Pwani kwenda Bara), tupeane uzoefu

MgeniUnguja: Wakuu, natokea Nakuru, nimeletwa Unguja kikazi. Jana nilimwambia mama mwenye nyumba kuwa bibi yangu atakuja mwezi ujao, kwa hiyo naomba chumba cha pili kisafishwe. Akafurahi mno. "Mshukuru Mungu mwanangu, sie bibi zetu wote washatangulia. Anaweza kupanda ngazi?" Nikamjibu anaweza, ila asibebe mizigo, ana mimba ya miezi saba. Mama wa watu akashika mdomo. Sasa nauliza: mtu akisema "bibi", nyinyi mnajuaje anamkusudia nani? Na mengine ya aina hiyo, mwageni hapa.

Kasuku77: 😂😂😂 "Anaweza kupanda ngazi"

BintiMakunduchi: Huku bibi ni mama yake mama au mama yake baba, basi. Uliyemuoa ni mke. Mama wa watu hana kosa, angefikiri nini?

MluhyaWaMjini: Na sisi kwetu ukisema "mke wangu" kila saa unaonekana unasoma taarifa ya habari. Bibi ni heshima. Mama yake mama ni nyanya, ama kukuu, ama shosho, inategemea umetoka wapi.

Mwanza_Rock: Hata sisi wa bara ya Tanzania bibi ni bibi mzaa baba au mzaa mama. Kwa hiyo msiseme "Pwani na Bara", semeni Kenya bara na wengine wote.

Shangazi_Mvita: Mombasa nyanya ni mamake mama. Ya kupikia ni tungule. Nenda Kongowea uitishe tungule uone kama hutapewa. Siku hizi wauzaji wengi wa kutoka bara wanasema nyanya, basi na sisi twafuata ili biashara iende, lakini nyumbani ni tungule.

BintiMakunduchi: Na Unguja ni tungule. Hapo tuko pamoja dada.

Mzee_wa_Sarufi: Nimefundisha Kiswahili Tanga na baadaye Kitale, nichangie kidogo. Kwa "nyanya" njia ni nyepesi: sikiliza kitenzi. "Nyanya yangu amefika" ni mtu, "nyanya yangu imeoza" ni ya kupikia. Kwa "bibi" njia hiyo haisaidii, maana mke na mama yake mama wote ni watu, wote "amefika". Hapo utafute neno linalofuatana nalo. Anayeita mume wake "bwana yangu" au "mzee wangu", na mwenzake akisema "bibi", kwa kawaida ni mke. Anayesema "bibi na babu" ni wazee. Jozi ndiyo inayosema kweli, neno peke yake linadanganya.

Chachu: Rahisi zaidi. "Nyanya yangu" ni mtu, "nyanya zangu" ni mboga. Kwisha.

Mzee_wa_Sarufi: Hapana, mwanangu. Wakiwa wawili, wa upande wa baba na wa upande wa mama, ni "nyanya zangu wamefika". Na tungule moja iliyobaki kwenye kapu ni "nyanya yangu". Umiliki haukuokoi, shika kitenzi.

MluhyaWaMjini: Mwalimu hiyo ya kitenzi inafanya kazi kwa wanafunzi wako. Huku kwetu mtu anasema "nyanya yangu imelazwa hospitali" na hakuna anayeshtuka.

Mzee_wa_Sarufi: Hilo kweli. Kwa msemaji asiyefuata ngeli, kitenzi hakikwambii kitu. Huyo umsikilize habari yenyewe: tungule haiugui.

Popobawa_mstaafu: Kha! Inaugua, ina mnyauko. Muulize bwana shamba.

Sultana_K: Nilikuwa nasoma tu, lakini imenibidi niandike. Kazini kwetu hapa mjini Zanzibar tulikuwa na kijana kutoka Kenya bara, mpole, hana maneno. Alfajiri moja akatuma ujumbe kwenye kikundi cha kazi: "Bibi yangu ameaga usiku. Naomba ruhusa." Sie wote tukajua ni ajuza. Mmoja akaandika "Poleni, alikula chumvi nyingi, tushukuru Mungu kwa umri aliompa." Mwengine: "Hao ndio watu wa zamani, hawabaki tena." Tukachanga kidogo tu, kama tunavyochanga kwa bibi wa mtu, na mkubwa wetu akampa siku mbili, akamwambia Jumatatu awe kazini kwa sababu wageni ni wengi. Kijana hakujibu kitu, alisema asante.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Mkubwa akaanza kuandika barua ya onyo. Dada mmoja wa usafi akampigia simu, akasikia mtoto mchanga analia, na mwanamke mzima anambembeleza kwa lugha yao. Akauliza ni mtoto wa nani. "Ni wangu. Ndiye aliyemwacha." Marehemu hakufika hata miaka 30. Alifia uzazini.

Barua ilichanwa, mchango ukaanza upya, na watu wawili wakapanda ndege kwenda kumzika kwa niaba yetu, wakafika udongo ushakauka. Ule ujumbe wa chumvi nyingi bado umo kwenye kikundi. Aliyeuandika kila siku ndiye wa kwanza kumwamkia yule kijana.

Kasuku77: Nafuta kicheko changu cha juu.

Shangazi_Mvita: Inna lillahi. Mtoto yuko vipi sasa?

Sultana_K: Yuko kwa nyanyake. Mama yake mama, nisije nikaeleweka vingine. Anatembea.

Mwanza_Rock: Ndiyo maana nasema Wakenya mfuate Kiswahili sanifu. Sanifu ilichukuliwa Kiunguja, mwaka 1928, mambo yakaisha.

Shangazi_Mvita: Na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Mombasa! Walikuja kwetu, wakala vyetu, wakakiacha Kimvita mlangoni. Usinitajie 1928.

Mwanza_Rock: Hasira za karibu miaka mia, dada?

Shangazi_Mvita: Zafika mia, zapita.

Mzee_wa_Sarufi: Na msimlaumu huyo kijana. Maana yake ya bibi haikutoka hewani. Bibi ni mwanamke wa heshima, umri hauhusiki. Bibi Titi Mohamed alipoongoza akina mama wa TANU mwaka 1955 hakuwa ajuza. Na hapo hapo Unguja mnasema "bibi harusi", mnamkusudia nani?

BintiMakunduchi: Bibi harusi ni neno zima, halikatwi.

Chachu: Kwa hiyo mshereheshaji akisema "mabibi na mabwana" anasalimia wake zetu au wazee wetu?

Popobawa_mstaafu: Anasalimia waliolipa kadi.

NeemaJ: Samahani, mimi nataka kujua mtoto wa darasa la nne aandike nyanya au tungule kwenye mtihani?

Mzee_wa_Sarufi: Nyanya.

Shangazi_Mvita: Tungule, kisha amueleze mwalimu.

MluhyaWaMjini: Ushauri wangu kwa mgeni: uliza "mzaa baba au mzaa mama?" Akikutajia upande, ni mzee wake. Akikukazia macho, ni mke, omba radhi upesi.

BintiMakunduchi: Kwenye msiba usiulize hivyo. Sema "pole sana, alikuwa nani wako kwa kuzaliwa?" Ukishindwa, uliza watoto wake wana umri gani. Umri wa watoto utakwambia lote bila kumuumiza mtu.

Sultana_K: Hilo la watoto laiti tungelijua.

MgeniUnguja: Nimewasoma. Mama mwenye nyumba leo kaniletea mkeka, kasema ni wa "mkeo". Na amenikataza kununua tungule kwa jirani, anasema ananiuzia kama mtalii. Swali la mwisho: fundi kaniambia atakuja mtondo. Hiyo ni lini?

Popobawa_mstaafu: Kwa fundi? Mtondogoo.