Naomba ushauri: viwango vya kijani, njano na nyekundu kwa timu ndogo

Wakuu, ripoti yetu ya kila siku inapima kazi zilizokamilika kwa wakati: 95% na zaidi kijani, 90 hadi chini ya 95 njano, chini ya hapo nyekundu. Timu ya kazi 400 ikichelewesha 20 bado ni kijani. Timu ya kazi 8 ikichelewesha moja tu inashuka hadi 87.5%, nyekundu! Hata kama kawaida yake ni 97%, itaangukia humo takriban siku moja kati ya tano, kwa bahati mbaya tu.

Nafikiria kujumlisha siku 7: kazi 56, moja ikichelewa ni 98.2%. Ila tatizo la leo litafichwa na siku nzuri zilizopita. Mnatumia jumla hiyo, au rangi ya kijivu hadi kazi zifike idadi fulani? Ipi?